Kuuza Duka Pamoja na Mzigo Wake: Jinsi ya Kuthaminisha, Kuhesabu Siku ya Makabidhiano na Kurekebisha Bei

Malalamiko huja kwa sura mbili. Muuzaji anasema: "Mzigo wangu ni wa milioni nane na zaidi, jamaa anataka kunipa saba." Mnunuzi anasema: "Nilipewa orodha nikalipa, kufungua maboksi nakuta nusu ni vitu ambavyo havitauzika hadi nizeeke." Ukiwachunguza wote wawili utakuta kosa ni lile lile: walipatana bei ya duka zima kwa mkupuo, wakaja kuhesabu mzigo siku ya mwisho, na hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba kitu kimoja kitahesabiwa kwa bei gani.

Mwongozo huu unahusu biashara ndogo ya rejareja au jumla inayouzwa kwa bei ya sehemu mbili: sehemu ya kwanza ni samani, vifaa, jina na wateja, ya pili ni mzigo utakaokutwa siku ya makabidhiano. Mfano nitakaokwenda nao ni duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu lina kila aina ya usumbufu: vitu vya kuhesabu, vya kupima, vya kuharibika na vya kudoda. Tarakimu za fedha nimeziacha bila jina la sarafu. Weka ya kwako.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ankara za manunuzi za miezi 12 iliyopita, zikiwa zimepangwa kwa mgavi na tarehe.
- Rekodi ya mauzo ya miezi 12: daftari, risiti au ripoti ya mashine.
- Karatasi za kuhesabia zenye namba za mfululizo, nakala mbili mbili.
- Stika za rangi mbili.
- Mizani iliyopimwa, futi ya chuma na kikokotoo.
- Kufuli mbili mpya.
- Watu wanne: wawili wa muuzaji, wawili wa mnunuzi.
- Mtu wa kati mmoja ambaye pande zote zinamkubali, ikiwezekana anayeijua bidhaa yenyewe. Malipo yake mgawane nusu kwa nusu; akilipwa na upande mmoja, upande wa pili hautamwamini.

Ankara zikikosekana, usikate tamaa, lakini anza kuzitafuta leo. Wagavi wengi wanaweza kukutolea nakala. Kazi hiyo huchukua wiki mbili tatu, ndiyo maana nimeiweka juu kabisa.

## Hatua ya 1: Tenganisha bei ya mzigo na bei ya biashara

Mkataba useme wazi kwamba kiasi cha mzigo ni makadirio, na kwamba bei kamili itapatikana baada ya kuhesabu. Katika mfano wetu mkataba unasema hivi:

- Samani, vifaa, jina na wateja: 12,000,000. Kiasi hiki hakibadiliki.
- Mzigo: unakadiriwa kuwa 8,000,000.
- Malipo ya awali yaliyotolewa siku ya kusaini: 2,000,000.
- Kikomo cha juu cha mzigo: 9,000,000.
- Kikomo cha chini cha mzigo: 6,500,000.

Vikomo hivi viwili vina kazi, si mapambo. Bila kikomo cha juu, muuzaji anaweza kujaza stoo wiki ya mwisho kwa vitu vya bei poa visivyo na soko, na mnunuzi akalazimika kuvilipia kwa fedha ambayo hakuipanga. Kikitajwa, mnunuzi halazimiki kuchukua ziada. Yeye ndiye anayechagua nini abakishe. Andikeni hilo la nani anachagua, kwa sababu muuzaji akiachiwa achague ataondoka na koki zinazouzika na kukuachia vigae vya rangi iliyopitwa.

Kikomo cha chini kinamlinda mnunuzi kwa namna nyingine. Muuzaji akiacha kununua bidhaa miezi miwili kabla ya kuondoka, rafu zinabaki na mapengo, wateja wanaenda kwingine, na mnunuzi anapokea jina ambalo limeshaanza kupoa. Mzigo ukikutwa chini ya kikomo hicho, mkataba umpe mnunuzi haki ya kujadili upya ile 12,000,000 au kujitoa na kurudishiwa malipo ya awali.

Onyo: kama bei mliyopatana ilishajumuisha "mzigo wa kawaida wa duka", utaratibu ni mwingine. Hapo mnarekebisha tofauti tu kati ya mzigo uliokutwa na ule wa kawaida. Mkichanganya njia hizi mbili, mnunuzi atalipia mzigo mara mbili bila kujua.

Umefaulu ikiwa mtu asiyelijua duka akisoma mkataba wenu anaweza kusema nini kitatokea mzigo ukiwa 6,000,000, ukiwa 7,000,000 au ukiwa 10,000,000.

## Hatua ya 2: Andikeni kanuni ya bei kabla mtu hajagusa rafu

Hapa ndipo penye fedha yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni inayokubalika katika uhasibu ni kuthaminisha mzigo kwa bei uliyonunulia, au kwa kiasi utakachobaki nacho ukiuza baada ya kutoa gharama za kuuzia. Unachukua kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinasema hivyo hivyo. Sababu yake ni rahisi: faida hupatikana bidhaa inapouzwa, na atakayeiuza ni mnunuzi. Muuzaji anayedai bei ya rafuni anadai faida ya kazi ambayo hajaifanya.

Lakini "bei ya kununulia" nayo ina mambo manne ya kumaliza.

Ankara ipi? Bei zikiwa zinapanda, muuzaji atataka ankara ya mwisho na mnunuzi atataka ya mwaka jana. Suluhisho la haki ni kuchukulia kwamba kilichoingia kwanza ndicho kilichotoka kwanza, kwa hiyo kilichobaki ni cha ankara za karibuni. Tuseme zimekutwa koki 40. Ankara ya mwisho ilikuwa ya koki 25 kwa 6,200 kila moja, na iliyotangulia ilikuwa ya koki 30 kwa 5,800. Basi koki 25 zinahesabiwa kwa 6,200, yaani 155,000, na 15 zilizobaki kwa 5,800, yaani 87,000. Jumla 242,000. Ukitumia bei ya mwisho kwa zote unapata 248,000. Tofauti ya 6,000 si ya kugombania, ila duka lina aina mia sita za vitu. Kwa vitu vidogo vidogo mnaweza kukubaliana mtumie ankara ya mwisho peke yake ili msilale dukani.

Punguzo. Mgavi akikupunguzia kwa sababu umenunua kwa wingi, bei ya kununulia ni ile baada ya punguzo. Tazama chini kabisa ya ankara. Mara nyingi punguzo linakaa huko kwa jumla na halionekani kwenye mstari wa bidhaa.

Usafiri na ushuru. Ni sehemu ya gharama ya kukifikisha kitu dukani, kwa hiyo muuzaji ana haki ya kuviongeza, mradi anazo risiti. Kodi ya ongezeko la thamani ni jambo tofauti: kama muuzaji amesajiliwa na alisharejeshewa kodi hiyo kupitia ritani zake, isiingie kwenye bei ya kununulia. Kuhusu iwapo mauzo ya biashara yenyewe yanatozwa kodi hiyo, muulizeni mhasibu wa nchi yenu kabla ya kusaini, kwani sheria hutofautiana.

Pasipo ankara. Kwa vitu vilivyokosa karatasi, watu hurudi nyuma kutoka bei ya kuuzia. Hapa nimeona watu wazima wakikosea mbele ya kikokotoo. Muuzaji anasema, "Mimi naongeza asilimia 25." Mnunuzi anachukua bei ya rafuni na kutoa asilimia 25. Si sawa. Kitu kilichonunuliwa 1,000 kikiongezwa asilimia 25 kinauzwa 1,250. Ukitoa asilimia 25 ya 1,250 unabaki na 937.5, si 1,000. Njia sahihi ni kugawanya bei ya kuuzia kwa 1.25.

Ukubwa wa kosa hilo? Mzigo mzuri wa duka letu unauzwa 8,100,000 kwa bei za rafuni. Ukigawanya kwa 1.25 unapata 6,480,000. Ukitoa asilimia 25 unapata 6,075,000. Muuzaji amepoteza 405,000 kwa kubonyeza kitufe kisicho chake. Kwa hiyo msiandike "faida asilimia 25" kwenye mkataba. Andikeni: "bei ya kuuzia igawanywe kwa 1.25".

Umefaulu ikiwa mmechukua vitu kumi vya mfano, kila upande umevithaminisha peke yake kwa kufuata kanuni iliyoandikwa, na majibu yamelingana.

## Hatua ya 3: Gawanyeni mzigo kwa madaraja

Bidhaa iliyododa haina thamani ya bidhaa inayotembea, lakini neno "imedoda" likiachwa bila kipimo litawagombanisha. Kipimo kiwe tarehe, kisiwe hisia. Katika mfano wetu:

- Daraja A: zima, na imeuzwa angalau mara moja ndani ya miezi 6. Inalipiwa asilimia 100 ya bei ya kununulia.
- Daraja B: zima, lakini haijauzwa kwa miezi 6. Inalipiwa asilimia 50.
- Daraja C: imevunjika, imepasuka, imeganda, imepitwa na tarehe au haina kifaa chake muhimu. Haina malipo.

Miezi 6 na asilimia 50 si sheria ya mahali popote, ni makubaliano. Duka la vipuri linaweza kuweka miezi 18, na duka la dawa au chakula litatazama tarehe ya mwisho wa matumizi badala ya mauzo. Muhimu ni kwamba rekodi za mauzo zinaweza kuthibitisha kipimo mlichochagua. Bidhaa za msimu zitajeni pembeni kwa majina, vinginevyo zote zitaangukia daraja B kwa sababu tu mnahesabu mwezi usio wake.

Halafu kuna vitu vilivyomo dukani ambavyo si vya muuzaji, na kwa hiyo hawezi kuviuza:

Mali kauli, yaani bidhaa ambayo mgavi ameiacha na atalipwa ikishauzwa. Ama irudishwe kwa mwenyewe kabla ya makabidhiano, ama mnunuzi afanye makubaliano mapya na mgavi huyo kwa maandishi. Bidhaa ya mkopo ni tofauti: kwa kawaida imeshakuwa ya muuzaji, deni lake ndilo linalobaki kwake. Hata hivyo soma masharti ya mgavi, kwa maana wengine huandika kwamba bidhaa inabaki yao mpaka ilipwe yote. Mwombe kila mgavi mkubwa taarifa ya deni ya wiki ile ile.

Bidhaa zilizolipiwa na wateja lakini hazijachukuliwa. Fedha zake muuzaji alishazila. Mnunuzi atalazimika kuzitoa mteja akija na risiti, kwa hiyo haziingii kamwe kwenye mzigo unaolipiwa. Tengenezeni orodha yake, na ikabidhiwe pamoja na funguo.

Mitungi, kreti na vyombo vingine vinavyodaiwa na wagavi navyo viandikwe kando, kwa thamani ya amana iliyolipwa.

Umefaulu ikiwa kila daraja lina kipimo ambacho mtu wa kati anaweza kukitumia bila kumuuliza yeyote kati yenu.

## Hatua ya 4: Safisha stoo na kata mstari

Wiki moja kabla, muuzaji apange vitu vya aina moja mahali pamoja, atoe boksi tupu na avitenge vya daraja C. Hii ni kwa faida yake pia: kitu kilichofichika nyuma ya rafu hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakilipwi.

Siku mbili kabla, zuieni mizigo mipya. Lori likiingia katikati ya kuhesabu, shehena itahesabiwa mara mbili au isihesabiwe kabisa, na ankara yake haitajulikana ni deni la nani.

Jioni ya kuhesabu, duka lifungwe kwa wateja. Kisha andikeni kwenye karatasi moja, wote mkisaini: namba ya risiti ya mwisho ya mauzo, namba ya ankara ya mwisho ya manunuzi, na saa. Huo ndio mstari. Mauzo ya kabla ya hapo ni ya muuzaji, ya baada ya hapo ni ya mnunuzi.

Ikiwa duka haliwezi kufungwa, au mnahesabu leo na kukabidhiana kesho kutwa, mtalazimika kuchukua mzigo uliohesabiwa, mjumlishe kilichonunuliwa na mtoe kilichouzwa kwa bei ya kununulia. Inawezekana, lakini kila mauzo ya siku hizo yanakuwa hoja. Fungeni duka.

## Hatua ya 5: Hesabuni

Makundi mawili, kila kundi na mtu mmoja wa kila upande. Wa muuzaji anahesabu kwa sauti, wa mnunuzi anaandika. Mkifika nusu ya kazi, badilishaneni. Karatasi isiwe na idadi iliyoandikwa kutoka kwenye kompyuta au daftari. Mtu akijua kwamba inatakiwa iwe 48, macho yake yataziona 48.

Anzeni na rafu moja kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, bila kuruka. Kitu kikihesabiwa kinabandikwa stika ya kijani. Kilichotengwa kwa mjadala wa daraja kinabandikwa nyekundu. Mkimaliza, piteni mkitafuta kitu kisicho na stika; daima kipo.

Fungueni maboksi. Sisemi yote, lakini angalau moja katika kila kumi, na msichague ya mbele. Chukueni la chini kabisa na la katikati ya rundo. Marundo yenye shimo katikati yapo, na boksi lililofungwa vizuri kwa gundi linaweza kuwa na bidhaa nyingine kabisa, wala si lazima awe ni muuzaji aliyefanya hivyo. Mara nyingine ni mfanyakazi wake ambaye hata yeye hamshuku.

Vitu vidogo pimeni kwa uzito. Hesabuni bolti 100 kwa mkono na kuzipima. Tuseme ni gramu 450. Chombo kizima, baada ya kutoa uzito wa chombo, kina kilo 7.65. Gawanyeni 7,650 kwa 450, mnapata 17, kwa hiyo zipo bolti 1,700. Roli ya waya iliyokwisha anzwa ipimeni vivyo hivyo: uzito wa roli nzima, uzito wa kigurudumu kitupu, kisha mgawanyo. Kopo la rangi lililofunguliwa liende daraja C bila mjadala. Kulipima ni kupoteza usiku.

Onyo kubwa kuliko yote: kipimo. Ankara inasema boksi, rafu inasema kipande. Boksi la makufuli 12 limenunuliwa 24,000, yaani 2,000 kwa kila kufuli. Rafuni kuna makufuli 36, thamani yake 72,000. Mwandishi aliyechoka akiandika 36 na kunakili bei ya boksi, anapata 864,000. Niliwahi kusimamia makabidhiano ambapo mstari mmoja wa namna hii ulimeza saa tatu za ugomvi, kila upande ukimshuku mwenzake wizi, kabla sijaona kwamba ni mimi niliyeunakili. Tangu hapo karatasi zangu zina safu ya "kipimo" kabla ya safu ya idadi, na haiachwi wazi.

Mkimaliza, mtu wa kati achague mistari 20 kwenye karatasi akavitafute vitu vyake rafuni, kisha achague vitu 20 rafuni na kuvitafuta kwenye karatasi. Ukaguzi wa kwanza unafichua vitu hewa, wa pili unafichua vilivyosahaulika. Mistari miwili au zaidi ikikosekana katika upande wowote, rudieni rafu husika yote.

Kila karatasi isainiwe na pande mbili, nakala moja kwa kila upande. Karatasi zilizoharibika zisitupwe. Zipigwe mstari na zihifadhiwe, ili mfululizo wa namba utimie. Halafu fungeni mlango kwa kufuli mbili, kila upande ukiondoka na ufunguo wake mmoja. Hakuna anayeweza kuingia bila mwenzake mpaka fedha zilipwe.

Umefaulu ikiwa mfululizo wa karatasi haukatiki, ukaguzi wa mistari 40 umelingana, na hakuna kitu kisicho na stika.

## Hatua ya 6: Geuzeni idadi kuwa thamani

Ingizeni kila mstari kwenye lahajedwali: A ni jina la kitu, B kipimo, C idadi, D bei ya kununulia kwa kipimo hicho hicho, E sehemu ya daraja (1, 0.5 au 0), F thamani.

```
F2:   =C2*D2*E2
F602: =SUM(F2:F601)
```

Kabla ya kuamini jumla, panga mistari yote ya vitu, bila mstari wa jumla, kwa kufuata safu F kutoka kubwa hadi ndogo na usome mistari 20 ya juu kwa sauti. Kosa la boksi na kipande hujitokeza hapo, kwa sababu kitu cha kawaida hakina sababu ya kukaa juu ya orodha pamoja na mabati.

Duka letu limetoa matokeo haya, kwa bei ya kununulia:

| Kundi | Gharama | Inayolipwa |
|---|---|---|
| Daraja A | 6,480,000 | 6,480,000 |
| Daraja B | 1,100,000 | 550,000 |
| Daraja C | 240,000 | 0 |
| Mali kauli | 390,000 | 0 |
| Zilizolipiwa na wateja | 150,000 | 0 |
| Jumla | 8,360,000 | 7,030,000 |

Sasa tazama yule muuzaji wa mwanzoni aliyesema mzigo wake ni wa milioni nane na zaidi. Hakudanganya. Vitu vya 8,360,000 vilikuwepo dukani. Ila 540,000 havikuwa vyake, 240,000 vilikuwa vimekufa, na 550,000 ni nusu ya thamani ya vitu vilivyomshinda yeye mwenyewe kuviuza.

## Hatua ya 7: Rekebisheni bei na mlipane

7,030,000 iko kati ya vikomo viwili, kwa hiyo hakuna anayejitoa wala kinachorudishwa. Makadirio yalikuwa 8,000,000. Bei inashuka kwa 970,000.

- Samani, vifaa, jina na wateja: 12,000,000
- Mzigo uliohesabiwa: 7,030,000
- Bei kamili: 19,030,000
- Toa malipo ya awali: 2,000,000
- Salio la kulipwa: 17,030,000

Marekebisho yaende moja kwa moja, kila kimoja kilichopungua kipunguze kimoja cha bei. Wengine huweka kipengele kwamba tofauti iliyo chini ya asilimia fulani isirekebishwe. Mimi siipendi: ikiwa mmeshahesabu usiku kucha, hakuna sababu ya kuutupa ukweli mlioupata.

Kama taarifa za wagavi zinaonyesha madeni, mnunuzi alipe deni moja kwa moja kwa mgavi kutoka kwenye salio, na muuzaji apewe kinachobaki. Akikabidhiwa fedha zote kwa ahadi ya kulipa baadaye, ni mnunuzi atakayefungiwa mzigo na mgavi huyo.

Andikeni hati ya ukurasa mmoja: thamani ya mzigo, hesabu ya hapo juu, idadi ya karatasi za kuhesabia, namba ya risiti ya mwisho. Saini, tarehe, saa. Fedha ikithibitishwa kuingia, funguo zote mbili ziende kwa mnunuzi.

## Hatua ya 8: Mkibishana, bishaneni juu ya mstari

Ubishi mwingi hugandisha mauzo yote kwa sababu ya vitu vichache. Mkataba useme: kisichobishaniwa kilipwe siku hiyo hiyo, kinachobishaniwa kiorodheshwe mstari kwa mstari, na tofauti yake ikae kwa mtu wa kati. Apewe siku 7 za kuamua, na uamuzi wake uwe wa mwisho.

Dukani kwetu walibishania makopo 12 ya rangi, yaliyonunuliwa 15,000 kila moja. Muuzaji alidai ni daraja A, 180,000. Mnunuzi alisema ni daraja B, 90,000, na ndivyo yalivyoingizwa kwenye jedwali. Kwa hiyo kilichobishaniwa hakikuwa rangi yote, kilikuwa 90,000 tu. Mnunuzi alitoa 17,120,000: muuzaji akapokea 17,030,000, na 90,000 ikabaki kwa mtu wa kati. Funguo zilikabidhiwa jioni hiyo hiyo.

Muuzaji alikuwa na risiti mbili za ndani ya miezi 6 zilizoandikwa "rangi" bila kutaja aina. Mtu wa kati hakuuliza nani anakumbuka nini. Alichukua kiasi kilichoandikwa kwenye risiti zile na kukilinganisha na bei za rafuni: zote mbili zililingana na bei ya kopo dogo la rangi nyeupe, wala si la yale makopo 12. Siku ya nne, 90,000 ilirudi kwa mnunuzi, na karatasi ya uamuzi ikabanwa nyuma ya hati ya makabidhiano.